Hotuba ya siku ya kwanza kidato cha kwanza: kisa cha mkondo B na "yesi sa" ya watoto 74

Kisa chenyewe ni cha sekondari moja ya kata huko mkoa wa Dodoma, mwezi wa kwanza, mkondo B, watoto 74 kwenye chumba kilichojengwa kwa ajili ya 40 na kitu. Mwalimu wa darasa alikuwa kijana anafundisha Historia, mwaka wake wa pili kazini, anaipenda kazi kwelikweli na hotuba yake alikuwa ameiandika usiku kwenye karatasi. Mimi nilikuwa mwalimu wa taaluma kwa hiyo asubuhi ile nilikaa nyuma ya darasa na daftari langu. Hotuba ilikuwa nzuri kwa masikio ya mtu mzima, ila kwa wale watoto haikufanya kazi, na ukifuatilia kilichotokea siku mbili tatu baadae unaona kabisa ilikwama wapi.

Kwanza tujue humo ndani kuna nani maana hapo ndo kila kitu kinaanzia. Hawa wamemaliza la saba mwezi wa tisa, wamekaa nyumbani miezi mitatu na zaidi, wengine wamelima, wengine wameuza karanga stendi. Miaka saba wamesoma kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza kilikuwa somo moja tu la kwenye ratiba, na leo wanaambiwa Baolojia, Fizikia, Jiografia na mengine karibu yote ni Kiingereza. Halafu hawalingani. Wale ambao wazazi wana uwezo walipelekwa prifomu wani, ile tuisheni ya baada ya la saba, kwa hiyo wanajua kusalimia kwa Kiingereza, wanajua kujitambulisha, wengine wameshasoma hadi mada mbili za Baolojia. Kwenye mkondo B hao walikuwa kama 15 hivi na wote walikaa mbele. Waliobaki wametoka shule za msingi tano tofauti, moja iko jirani kabisa na sekondari, hao wanajua hata mti gani una kivuli, lakini kuna waliotoka kitongoji cha mbali wametembea toka alfajiri na hawamjui mtu yeyote. Hao ndo wako nyuma na pembeni, begi liko mapajani, hawaliweki chini.

Mwalimu akaingia saa mbili kasoro. Darasa likasimama, na hapo hapo ikatokea kitu kidogo ambacho wengi hatukiangaliagi. Wale wa mbele wakasema "gudi moning sa", wa nyuma wakasema "shikamoo mwalimu", sauti zikagongana, wa mbele wakageuka kuwaangalia wa nyuma na wawili watatu wakacheka. Mwalimu akajibu ile ya Kiingereza, ya shikamoo akaiacha. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, ila kwa mtoto aliyetoa shikamoo kwa mwalimu na hakupewa marahaba, akachekwa juu yake, siku imeshaharibika kabla hata hajakaa. Niliona binti mmoja safu ya nne ameinama toka hapo na hakuinua uso karibu hotuba nzima.

Hotuba yenyewe ilichukua kama robo saa, yote Kiingereza, na nilihesabu mambo 17 aliyowapa. Jina lake na somo lake, kuwahi namba asubuhi, sare, nywele, simu marufuku, Kiingereza tu maeneo yote ya shule, jembe na ufagio waje navyo kesho, mchango wa chakula wazazi walikubaliana nini kwenye kikao, daftari za kila somo, upimaji wa kidato cha pili na kwamba asiyefaulu anarudia, mwalimu wa nidhamu ni nani, mipaka ya shule, na mengine. Aliposema ile ya lugha alichukua fimbo ya kuelekezea ubaoni akaigonga mezani kidogo, hata sio kwa hasira, ni ile kusisitiza tu. Mwishoni akauliza kama wameelewa na darasa zima likaitika "yesi saaa", akatoka ameridhika.

Sasa hiyo "yesi sa" ndo kiini cha kisa. Kuitika kwa pamoja hakupimi kitu. Mtoto anasikia tu sauti ya mwalimu imepanda mwishoni, anajua hapo panatakiwa kuitikia, anaitikia. Kuna mwanaisimu wa Afrika Kusini, Keith Chick, aliandika mwaka 1996 kuhusu madarasa ya KwaZulu ambako mwalimu na wanafunzi wote ni Wazulu lakini somo ni kwa Kiingereza, akaonyesha kwamba kule kuitikia kwa pamoja kunawalinda wote wawili wasiaibike, mwalimu anaonekana amefundisha na mwanafunzi anaonekana amejifunza, wakati kilichoingia kichwani ni kidogo sana. Ukikaa nyuma ya darasa la kidato cha kwanza huku kwetu mwezi wa kwanza unaona kitu hichohicho kwa macho. Na mwalimu akisimama mbele anachoona ni nyuso za wale 15 wa prifomu wani wanatikisa kichwa, anadhani ndo uso wa darasa zima.

Dalili zikaanza kuonekana mchana uleule. Mapumziko kengele imegongwa, wale wa shule ya jirani wametoka wanakimbia, lakini watoto zaidi ya 20 walibaki kwenye madawati, sio kwamba wanapenda kukaa, hawakujua kengele ile ni ya nini na wanaruhusiwa kwenda wapi. Kesho yake kwenye namba walioleta jembe au ufagio mkondo B hawakufika nusu. Mwalimu wa zamu akawaita wakaidi. Siku hiyohiyo kijana mmoja mdogo wa safu ya tatu hakuonekana, keshokutwa pia, siku ya nne akaja na bibi yake. Bibi akatusalimia vizuri, akakaa, akasema, "Walimu wangu, mjukuu wangu shule anaitaka, ila ananiambia hajui kuomba ruhusa ya chooni kwa Kizungu na akiomba kwa Kiswahili atachapwa, siku ile kajibana mpaka kashindwa, ndo akarudi nyumbani." Pale stafu palikuwa kimya. Kumbe yule mtoto shule ya msingi alizoea kunyoosha mkono na kusema mwalimu naomba ruhusa nikajisaidie, basi, anakwenda. Huku akasikia wenzake wanasema "mei ai go auti", hajui ni maneno mangapi, hajui yanaanzia wapi, na mlango wa choo hajauona.

Niliwaita wanafunzi wachache wa mkondo B nje, chini ya mti, nikawauliza kwa Kiswahili hivi siku ya kwanza mwalimu wenu alisema nini. Karibu wote walitaja kitu kimoja, ukiongea Kiswahili unachapwa. Wawili wakataja kidato cha pili. Jembe alilikumbuka mmoja, na yeye ni wa prifomu wani. Hapo ndo nikaelewa mambo yalivyokwenda: katika yale 17, lililovuka kwenda upande wa pili ni lile lenye neno wanalolijua pamoja na fimbo kugongwa mezani. Hofu haihitaji tafsiri, maelekezo yanahitaji. Kwa hiyo mwalimu aliyeandika hotuba ya kukaribisha, yenye maneno mazuri kabisa ya karibuni hapa ni nyumbani kwenu, watoto wakabaki na tishio peke yake.

Na tishio lenyewe halikuwa hata la kweli. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema anayetoa adhabu hiyo ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, iwe kwa kosa kubwa la nidhamu, na iandikwe kwenye kitabu. Kuomba choo kwa Kiswahili sio kosa kubwa la nidhamu kwa namna yoyote ile. Sasa mtoto wa miaka 13 au 14 kanuni hiyo ataijulia wapi, yeye anachojua ni mkono wa mwalimu na fimbo.

Nikakaa na yule mwalimu wa darasa jioni. Hakukasirika, aliumia. Ila alikuwa na hoja na hoja yake lazima iheshimiwe, akaniambia, "Mkuu, tukiwafungulia Kiswahili siku ya kwanza tumekwisha, hawatatoka huko mpaka kidato cha nne, na mtihani wa taifa hautawahurumia." Ni kweli mtihani hautawahurumia. Nikamwambia siku ya kwanza kazi yake sio kufundisha Kiingereza, kazi yake ni mtoto arudi kesho akiwa na akili iliyotulia, halafu hicho Kiingereza tukipitishe kidogokidogo kwenye vitu anavyovihitaji saa hiyohiyo. Mtoto akipata sentensi moja inayomfungulia mlango wa choo, hiyo hataisahau maisha yake yote. Ukimpa 17 za sheria hata moja haikai, kwa sababu kichwa chenye wasiwasi kimeshajaa, kinahesabu nani ananiangalia, nitachekwa, nitakula nini, narudi na nani.

Tukakubaliana asubuhi inayofuata aanze upya kabisa. Kurudia hotuba ya kwanza inawezekana, ndani ya wiki ya kwanza watoto bado wanakusoma wewe ni mtu wa namna gani. Tukaipanga kwa maswali yao, sio kwa sheria zetu, na nikamuomba asishike kitu mkononi. Haya ndiyo aliyoyasema, nimeandika karibu neno kwa neno:

"Kaeni. Wekeni mabegi chini, hakuna atakayeyachukua. Juzi mlinipa shikamoo nikaipita, naomba nipeni tena. (Wakatoa.) Marahaba wanangu. Mimi ndiye mwalimu wenu wa darasa, jina langu nimeliandika ubaoni, ukipata shida yoyote, umeumwa, umepotelewa, mtu kakusumbua njiani, mtu wa kwanza kumwambia ni mimi. Nakaa stafu, mlango wa bluu, ukigonga hata nikiwa nakula nitatoka.

Leo nawaambia mambo matatu tu. La kwanza ni choo. Ukibanwa, nyoosha mkono. Ukijua kuomba kwa Kiingereza omba, hujui sema kwa Kiswahili, hutachapwa na hutachekwa, na mwalimu mwingine akikuuliza mwambie mwalimu wa darasa amesema hivyo, na mimi nimeshaongea nao wote. Tukitoka hapa tunakwenda kuviona, wavulana mimi, wasichana matroni yule pale mlangoni.

La pili ni kengele. Ikigongwa mara moja kipindi kimebadilika, unabaki ulipo, mwalimu ndiye anayekuja. Ikigongwa mfululizo ni mapumziko, toka, kacheze, kanywe maji, ikigongwa tena mfululizo rudi.

La tatu ni Kiingereza. Najua wengi hamkijui, na mimi nilipokaa kwenye dawati kama hilo nilikuwa sikijui. Tutakosea hapa ndani kila siku. Mtu akikosea anayecheka tutampa yeye ajaribu. Leo tunajifunza sentensi moja tu, ya kuomba kutoka nje, tutaisema wote, halafu mwambie wa jirani yako, halafu atakwambia wewe. Jembe, sare, nywele, hayo yote nitawaambia kesho na keshokutwa, mojamoja, na yatakuwa yameandikwa pale ukutani."

Dakika tano hivi. Na haikuishia na mmeelewa. Alisema kila dawati waangaliane, mmoja amwambie mwenzake kengele ya mfululizo ni ya nini, halafu akaenda mwenyewe mpaka safu ya nyuma akawauliza wale wa pembeni, kwa sauti ndogo, wawili wawili. Hapo akakuta kuna dawati moja watoto hawaelewi kabisa, walikuwa wanaogopa hata kuongea wao kwa wao kwa sababu hawajuani majina. Kwa hiyo likaongezeka jambo ambalo hatukulipanga, kila mtu amwulize jirani jina na anatoka wapi. Kelele zikapanda mpaka mwalimu wa mkondo A akaja kuchungulia. Zile kelele zilikuwa na thamani kuliko hotuba, maana yule binti wa safu ya nne alikuwa anaongea.

Niseme kidogo kwa nini mpangilio ule, kwa sababu kuna walimu wameuchukua nusu ukawashinda. Begi kwenda chini kunatangulia maneno yote kwa sababu mtoto aliyekumbatia begi bado yuko safarini, hajafika. Choo kinakuja kabla ya kengele, na kengele kabla ya Kiingereza, kwa sababu mwili uliobanwa hausikilizi. Ile ahadi ya "nimeshaongea nao wote" lazima iwe kweli kabla ya kutamkwa, sisi tuliongea stafu saa moja asubuhi, na mwalimu mmoja aligoma kabisa, akasema kwenye kipindi chake ni Kiingereza tu. Tukazungumza, akakubali choo tu na si kingine. Ingekuwa hakukubali, ile sentensi ilibidi ifutwe kwenye hotuba, maana mtoto akijaribu mara moja akaadhibiwa, mwalimu wa darasa ameshakuwa muongo na mtoto hatakusikiliza tena hata ukimwambia la kweli. Na kwenda kuviona vyoo kwa miguu sio mapambo. Vyoo vyetu viko nyuma ya maabara, huwezi kuvijua kwa kuelekezwa, halafu matundu mawili ya mwisho mlango hauna komeo, hayo matroni aliwaambia wasichana hukohuko, pamoja na pedi za dharura zinakaa wapi, mambo ambayo mwalimu wa kiume akiyasema mbele ya darasa mchanganyiko kwa siku ya kwanza watoto wanakufa kwa aibu.

Kulikuwa na upande ambao haukwenda vizuri. Wale wa prifomu wani walichoka. Kwao ile ilikuwa kama kurudishwa la kwanza na wawili walianza kuchora kwenye daftari. Mwalimu akawatawanya, kila mmoja kwenye dawati la nyuma, lakini hakuwaambia wanakwenda kufanya nini, kwa hiyo baadhi waliona wameadhibiwa. Hilo lilirekebishwa jioni kwa kuwapa kazi inayoeleweka, kila mmoja ahakikishe wenzake wawili wanaijua ile sentensi mpaka Ijumaa. Wengine waliifanya kwa moyo, wengine waliitumia kuwatambia wenzao, na ilibidi wabadilishwe.

Matokeo yake sitayakuza. Kiingereza chao hakikupona kwa hotuba, mwezi wa tatu bado kulikuwa na watoto wananakili ubaoni bila kuelewa, hilo ni tatizo kubwa kuliko darasa moja na wasomi kama Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamelisemea miaka mingi kwa ushahidi. Kilichobadilika ni kwamba mikono ilianza kunyooka. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa akiomba kutoka isipokuwa wa mbele, baada ya hotuba ya pili walimu wakaanza kulalamika stafu kwamba mkondo B wanaomba sana, na mimi nikaona ndo vizuri. Yule mjukuu alirudi. Majembe yakaja karibu yote, ila hapo sio ajabu, safari hii waliambiwa kwa lugha wanayoijua na likaandikwa ukutani.

Halafu kuna hili ambalo shule nyingi hatulipangi kabisa, nalo ni kwamba siku ya kwanza haiji siku moja. Mkondo B siku ile walikuwa 74 lakini orodha ilikuwa na zaidi ya 90. Wengine sare haijashonwa, wengine mzazi anasubiri kuuza debe la alizeti, wengine ni wa chaguo la pili, majina yao yanatoka wenzao wameshaanza. Wanadondoka mmojammoja mpaka mwezi wa pili, na huyu anayekuja peke yake Jumatano katikati ya kipindi cha Kemia, darasa zima linamgeukia, ndiye mwenye hofu kuliko wote na ndiye asiyepata hotuba yoyote. Anaonyeshwa kiti tu.

Tulichofanya ni kuikata ile hotuba ikawa ya dakika mbili na kuikabidhi kwa watu wawili. Mwalimu wa darasa anampokea stafu, anampa marahaba yake, anamwambia jina lake na mlango wa bluu. Halafu anamkabidhi kwa mwanafunzi mmoja, sio monita kwa sababu monita ana mambo mengi na wengine wanapenda ukubwa, bali mtoto anayetoka kijiji kimoja naye au njia moja naye, huyo kazi yake siku hiyo ni vyoo, maji, kengele, na kutembea naye jioni. Tuliandika kwenye daftari la mahudhurio, pembeni ya jina la kila aliyechelewa, jina la mwenyeji wake, na Ijumaa mwalimu anamwita mgeni peke yake anamuuliza vitu viwili tu: vyoo viko wapi, na ukibanwa kwenye kipindi unafanyaje. Akishindwa kimojawapo, mwenyeji anabadilishwa Jumatatu.